Jumamosi: kuchangia damu, ukumbi wa chuo

Wapendwa, timu ya Damu Salama Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, itakuwa ukumbini kuanzia saa 3 asubuhi. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu. Mwanaume awe amepitisha miezi 3 tangu achangie, mwanamke 4. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia antibayotiki wasubiri.

Wengi hurudishwa kwenye kipimo cha wingi wa damu. Mhudumu huchoma kidole, kisha hudondosha tone kwenye maji ya bluu ya kopa salfeti. Likizama haraka, unaendelea. Likielea, huenda damu yako haijafika gramu 12.5 kwa desilita, na kukutoa mililita 450 kungekuongezea upungufu. Akina dada hukutana na hili zaidi kwa sababu ya hedhi. Si aibu, muulize mhudumu hatua inayofuata.

Kunyweni chai na kula kwanza, tafadhali. Wanaozimia mara nyingi ni waliokuja na njaa. Vaeni sweta pia: baridi yetu hii hufanya kidole kigome kutoa tone.

Damu nzima hukaa siku 35 tu kwenye jokofu, ndiyo maana likizo zikianza na wanafunzi wanaochangia wakiondoka, akiba ya wazazi wanaovuja damu leba hupungua. Atakayekuja aandike jina hapa chini.