Alijikwaa Januari, akazidiwa Februari

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, na hata hivyo nilichelewa kuelewa kilichompata shangazi yangu, mwenye miaka 76. Mapema Januari alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, kichwa kikagonga mwimo. Hakuzirai wala hakutapika. Tulimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, uvimbe ukanywea, na siku ya tatu alikuwa akipepeta mchele kama kawaida. Tukasahau.

Wiki ya tano akaanza kuniita kwa jina la marehemu mama yangu. Asubuhi moja alitoka chumbani na kandambili ya kushoto tu. Ya kulia ilikuwa imemvuka njiani, naye hakuhisi. Kesho yake akawa mzima, tukadanganyika. Majirani walisema ni uzee. Kituo cha kwanza tulikokwenda walisema kiharusi, wakampa aspirini bila kumpiga picha ya ubongo.

Picha ya CT, tulipoipata hospitali nyingine, ilionyesha damu iliyovia upande wa kushoto, kati ya ubongo na utando mgumu unaoufunika.

Ubongo husinyaa kadiri mtu anavyozeeka, na mishipa midogo inayouunganisha na utando huo hubaki imevutika. Kichwa kikigongwa kidogo tu, mmoja unaweza kuchanika na kuvuja polepole. Mwili nao huizungushia damu ile ngozi nyembamba yenye mishipa michanga, ambayo nayo huvuja tena na tena. Dimbwi linakua, lakini kwa kuwa ubongo uliosinyaa umeacha nafasi, wiki kadhaa hupita kabla haujaanza kubanwa. Ndiyo maana hata picha ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi. Eksirei ya kichwa haisaidii hapa, kwani huonyesha mfupa, si damu hii.

Aspirini ilikuwa hatari kwake, kwa sababu huizuia damu kuganda. Kiharusi kwa kawaida huja ghafla, na hali hii mara nyingi hujivuta kwa siku au wiki, ila bila picha hakuna anayeweza kuapa ni kipi.

Daktari alimtoboa matundu mawili kwenye fuvu, majimaji meusi kama oili chafu ya gari yakatoka, akaachiwa mpira wa kuyachuruza kwa siku mbili. Siku ya pili aliniita kwa jina langu.

Nawaomba wenzangu walio kazini: mzee akiletwa amechanganyikiwa au anapepesuka, ulizeni kama aligonga kichwa katika miezi mitatu iliyopita, na mwulizeni pia anayeishi naye, maana mgonjwa mwenyewe huwa amesahau. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akigonga kichwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheka.

Muuguzi mstaafu,
Tanga