Barua ya wazi kwa Msajili: Saa zangu za mikrobiolojia zipimwe kwa rejesta

Ndugu Msajili wa baraza letu la wataalamu wa maabara,

Salaam. Wiki iliyopita kitabu changu cha utarajali kilirudishwa, kurasa zote za mikrobiolojia zikiwa zimekatwa. Maelezo yalikuwa mstari mmoja: msimamizi aliyesaini hana leseni hai. Saa za kitengo hicho hazihesabiki, na jina langu limeondolewa kwenye orodha ya mtihani wa baraza.

Naomba utazame tarehe. Niliingia kitengo hicho Novemba, na leseni ya msimamizi ilikuwa hai hadi 31 Desemba. Haikuhuishwa kwa sababu pointi zake za mafunzo endelevu hazikuonekana kwenye mfumo. Nadhani waandaaji wa mafunzo walichelewa kuwasilisha mahudhurio, ingawa naye angefuatilia mapema. Januari hospitali iliendelea kumpangia zamu, na sisi watarajali tukapangwa chini yake. Mtarajali gani atamdai mkubwa wake wa kazi leseni kabla ya kusainiwa? Na kurasa za Novemba na Desemba zimekatwa kwa kosa gani?

Najua kwa nini saini inadai leseni hai. Asiye nayo hapaswi kuthibitisha umahiri wa mwenzake. Lakini kazi ilifanyika na ushahidi upo. Kila sampuli ya mkojo niliyootesha ina namba ya maabara. Rejesta inaonyesha siku ilipopandwa kwenye sahani, siku ya pili makoloni yaliposomwa na slaidi ya Gram kutazamwa, kisha siku usikivu wa bakteria kwa dawa uliposomwa. Kila hatua ina herufi za jina la aliyeifanya. Jibu halikutoka mpaka mtaalamu mwingine alihakiki, na leseni ya huyo ni hai hadi leo. Akikaa na kitabu changu na rejesta, namba kwa namba, ataona nilichokifanya. Kisichomo, nitakirudia bila kunung'unika.

Ulipokutana na watarajali uliahidi kwamba kila hospitali itabandika orodha ya wasimamizi wenye leseni hai kabla hatujapangiwa vitengo. Orodha hiyo hatujaiona, Ndugu Msajili, na adhabu imetuangukia sisi.

Posho imekoma. Kwa usajili wa muda siwezi kufanya kazi bila msimamizi, na matangazo ya kazi yanataka usajili kamili na leseni ya mwaka huu. Ada ya mtihani mama aliikopa kwenye kikoba, na marejesho hayangoji mtihani ujao.

Naomba jambo hili moja: ruhusu mtaalamu mwenye leseni hai athibitishe saa zangu kwa kutumia rejesta, na uamuzi utoke kabla orodha ya watahiniwa haijafungwa. Nimeambatisha namba za maabara za sampuli zote. Tafadhali, zikaguliwe.

Wako katika taaluma,
Mtarajali wa maabara