Kadi za harusi: ni picha ipi, na maandishi yapi?

Habari za jioni wanakamati.

Leo nimetuma picha 4 za sampuli ya kadi, kisha likaja ombi: "Ile tarehe ya chini irekebishwe." Tarehe ya chini iko kwenye picha mbili, na mchapaji akibadilisha isiyohusika, kadi zote zitaharibika. Kwa hiyo nauliza:

1. Ni picha ya ndani ya kadi, penye "Ukumbini, tarehe 14", au ya nyuma, penye "Mwisho wa michango, tarehe 5"?
2. Isomeke vipi? Tuandikieni mstari mzima.

Mwenye marekebisho mengine afungue picha husika na kujibu juu ya picha hiyohiyo, kisha anakili maneno yalivyo. Tusitaje "ya pili", maana picha zikifuatana wengine huhesabu kuanzia chini. Maandishi yakiwa madogo, kata kipande hicho ukizungushie duara.

Mchapaji anasubiri hadi kesho saa 4 asubuhi. Hata usiye na marekebisho, tafadhali andika "Nimehakiki" kabla ya saa 3. Shangazi wa bibi harusi, majina ya ukoo tunakutegemea wewe.

Asanteni sana.