Udi wangu umedhaniwa dawa za kulevya, nikafungiwa ukurasa

Ndugu Mhariri, asalaam aleikum.

Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, na riziki yangu ni udi wa kuunga. Napika sukari, natia sandali iliyosagwa, marashi na mafuta ya udi, ikipoa naikata vipande. Wateja wangu wengi wako Mombasa na Nairobi, na walinijia kupitia ukurasa wangu wa mtandaoni. Sasa umefungwa moja kwa moja.

Niliambiwa nimeuza "bidhaa zilizokatazwa", bila kuonyeshwa ipi. Lakini picha niliyoweka mwisho ilikuwa ya vipande vya rangi ya kahawia juu ya karatasi ya foili, na chini nimeandika "gramu 50, moshi wake mtamu". Chetezo hakimo. Mswahili yeyote ataona udi wa arusi. Mashine inayopekua picha, nahisi, imeona mihadarati. Nilipobonyeza kitufe cha rufaa jibu lilikuja papo hapo: uamuzi ni wa mwisho. Hebu niambieni, binadamu gani anasoma upesi hivyo?

Kinachonikosesha usingizi ni maagizo. Kuna watu wa arusi Mombasa walioshalipa arubuni. Hao niliwapata kwa ujumbe wa M-Pesa. Wengine waliokuwa wakiulizia, majina na mazungumzo yao yote yamebaki mle ndani, na bila shaka wananiita tapeli.

Mpwa wangu anayesomea sheria anasema kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutokatiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na kwamba naweza kudai uangaliwe upya. Basi tumeandika barua ya rufaa. Tumeambatisha kibali changu cha biashara cha kaunti na picha za udi uleule ukifukizwa kwenye makaa. Tunaomba watutajie picha iliyoleta balaa, kesi isomwe na mtu anayejua Kiswahili, na hata wakikataa, wanipe nakala ya mazungumzo yangu na wateja, maana hizo ni taarifa zangu.

Wakikaa kimya, mpwa anataka twende kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuamua malalamiko. Arusi hazingoji siku 90! Binti yangu ananisukuma nifungue ukurasa mwingine leo hii kwa laini mpya. Mpwa hataki kusikia: asema kampuni ikigundua itaufunga nao, na itasema nimekwepa adhabu huku rufaa iko mezani.

Yupo pia bwana mmoja aliyenipigia, ati ana jamaa ndani ya kampuni, nimtumie elfu tano pamoja na namba ya siri itakayoingia kwenye simu yangu. Huyo nimemkatia.

Waliopitia haya nisaidieni: nipeleke malalamiko kwa Kamishna sasa hivi, au ningoje kwanza kampuni ijibu barua? Na kuna aliyewahi kurudishiwa mazungumzo yake bila kurudishiwa ukurasa?

Muuza Udi,
Langoni, Lamu