Usifute "Chini ya kiwango" kwenye shiti ya kamisheni

Kuna lalamiko tumelizoea hapa dukani kwetu Mwanga, Kigoma: "Nimelipa elfu kumi na tano kwa fomula ya Excel ya mstari mmoja, halafu inaniandikia maneno badala ya hela." Jamani, hayo maneno ndo sehemu ya kazi uliyolipia.

Juzi kati kaja mfanyabiashara wa mawese mwenye mawakala. Viwango vyake: mauzo kuanzia laki mbili 2%, kuanzia laki tano 3%, kuanzia milioni moja 5%. Mipaka tukaiweka F2 mpaka F4, viwango G2 mpaka G4, mauzo B, na kwenye C hivi:

```
=XLOOKUP(B2,$F$2:$F$4,$G$2:$G$4,"Chini ya kiwango",-1)
```

Wakala akiuza 780,000, hiyo namba haipo kwenye jedwali, kwa hiyo ile -1 inaiambia Excel ishuke kwenye mpaka mdogo ulio karibu, yaani 500,000, inatoa 3%, kamisheni 23,400. Akiuza laki tano kamili anapata 3% pia, na hapo ndo zile IF za kubandikana huwa zinachemka maana mtu anaandika > badala ya >=, wakala anabaki na 2%. Ukiisahau hiyo -1 Excel inatafuta namba inayofanana kabisa, utaona karibu mistari yote inasema "Chini ya kiwango" hata ya milioni tatu.

Sasa huyu bwana kwenye D alikuwa na =B2*C2 ya kwake, na maneno hayazidishwi na namba, ikatoka #VALUE!. Badala ya kuturudia, akafuta maneno akaweka 0. Shiti ikapendeza kweli! Mwisho wa mwezi wakala aliyeuza 1,200,000 kapewa sifuri, kumbe aliyeingiza data aliruka sifuri moja akaandika 120,000. Elfu sitini ya mtu imepotea, ugomvi mpaka nyumbani, na kurudi kwetu kukagua mistari yote tulimchaji zaidi ya ile elfu kumi na tano. Yale maneno yangekuwepo mstari ule ungejitaja wenyewe siku hiyohiyo.

Dawa ya #VALUE! iko kwenye D:

```
=IF(ISNUMBER(C2),B2*C2,"Hakiki")
```

Hapo aliye chini ya laki mbili kweli unamwacha, aliyekosewa unamrekebisha kwenye B. Ila kosa likiangukia ndani ya viwango, mfano 780,000 ikaandikwa 870,000, fomula haina pa kulijua, hilo linganisha na risiti.

Na kabla hujaja na laptop, angalia Excel ni ya mwaka gani. XLOOKUP ipo kwenye 2021 kwenda mbele na Microsoft 365, ya 2016 au 2019 itakuandikia #NAME?, na hiyo tunakuundia kwa njia nyingine, bei ileile msianze kubishana.