Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Dume la Chama na Uamuzi wa Machi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji wa nguruwe,

Nianze na yale mnayoyajua. Mwaka huu tumefanya vikao 4 vya kamati na kikao 1 cha dharura, banda la chama limepigwa sakafu upya, na dume kijana amenunuliwa. Chanjo na dawa za minyoo zimekwenda kama kawaida. Wanachama tuko 19, majike 24, na waliolipa ada kamili ni 8. Nimehesabu vichwa kabla sijaanza kusoma: tuko 9, pamoja na mimi na katibu. Kwenye kikao cha dharura cha Machi, cha kunijadili mimi, mlifika 17. Nimeliona hilo.

Basi tuzungumze kuhusu Machi, maana najua ndilo lililowaleta hata hao wachache.

Uamuzi wa kumsimamisha dume wetu asipande kwa muda nilipendekeza mimi na nikausimamia mimi. Ilisemwa kwamba mwenyekiti amekurupuka, kwamba dume ana nguvu zake, anapanda bila kusukumwa, sasa anasimamishwa kwa kosa gani. Wengine mlitaka auzwe siku hiyohiyo. Sikukubaliana na upande wowote, na leo nina daftari la mapandisho mkononi, lile nililolinunua kwa pesa yangu mwaka juzi mkanicheka.

Tarehe 4 Februari dume alijikata mguu wa nyuma kwenye kona ya mlango, kidonda kikaota usaha. Nilimpima mimi mwenyewe: nyuzi 41, wakati nguruwe mzima hukaa kwenye 39 hivi. Daktari wa mifugo akamchoma sindano, homa ikashuka tarehe 7. Tarehe 14 alikuwa anatembea vizuri, anakula, anatoa povu mdomoni akisikia harufu ya jike. Tukamrudisha kazini. Hapo kosa lilikuwa letu sote, na langu likiwemo, ingawa sikumbuki mtu yeyote aliyesimama kupinga.

Kati ya tarehe 14 Februari na 14 Machi alipanda majike 11. Jike wa kwanza kurudia joto alionekana tarehe 10 Machi, wa pili tarehe 12, wa tatu tarehe 14. Wote watatu ni mama waliokwisha kuzaa zaidi ya mara moja, wa mabanda matatu tofauti, wenye walishaji watatu tofauti. Nikaangalia siku: 20, 20 na 21 tangu kupandwa. Mzunguko wa jike ni siku 21, ukipungua 18, ukizidi 24. Jike akirudi ndani ya siku hizo, maana yake kwa kawaida ni kwamba mimba haikushika kabisa. Angekuwa ameshika mimba kisha ikaharibika kwa ugonjwa, angerudi kwa kuchelewa, siku ya 28 au 35, na pengine angetokwa na uchafu ukeni. Hakuna aliyetokwa na uchafu. Jike mmoja akirudi, unamtazama jike. Wakirudi watatu mfululizo kutoka mabanda matatu, kitu pekee walichochangia ni dume.

Sasa mkauliza: dume anapanda vizuri, tatizo litoke wapi? Ndugu zangu, hamu ya kupanda ni kitu kimoja na ubora wa mbegu ni kitu kingine. Dume anaweza kuwa na hamu ya moto na mbegu zake zikawa zimekufa. Homa kali hupika mbegu zinazotengenezwa kwenye korodani, na jua kali bandani hufanya vivyo hivyo. Mbegu moja huchukua karibu siku 40 kutengenezwa, kisha wiki moja na nusu hadi mbili kusafiri na kukomaa kabla ya kutoka. Jumlisha, unapata wiki 7 hadi 8. Ndiyo maana madhara ya homa hayaonekani siku ya homa. Dume anapona, anarudi kazini, na siku za mwanzo anatumia akiba iliyokuwa imeshakomaa. Akiba ikiisha, zinaanza kutoka zile zilizoungua.

Daftari linaonyesha hivyohivyo. Majike wawili waliopandwa tarehe 14 na 15 Februari walishika mimba. Waliofuata, wote 9, walirudi. Nane walirudi kati ya siku ya 19 na ya 22. Wa tisa, mwenye jike hakuwa akimwangalia, akaja kushtuka siku ya 42, ambayo ni mzunguko wa pili. Siku namsimamisha dume nilikuwa na majike watatu tu wa ushahidi. Hao wengine sita walirudi baadaye, wakati watu wameshanisema vya kutosha.

Wiki 8 za kusubiri mbegu mpya tulizihesabu tangu homa iliposhuka, si tangu siku ya kikao, kwa hiyo dume alipumzika hadi tarehe 4 Aprili tu. Hizo ni wiki tatu. Aliyesema nimemfunga dume miezi miwili asome tarehe. Na kama angeendelea kupanda wiki hizo tatu, majike yangerudi yaleyale, mkalisha siku 21 nyingine bila faida, na dume angezidi kuchoka.

Kwa nini hatukumuuza? Kwa sababu korodani zake zilikuwa sawa. Nilizishika zote mbili: zimelingana, ngumu kiasi, hazina joto, hazijavimba. Korodani moja ingekuwa imevimba, au imesinyaa na kuwa ngumu kama jiwe, ningekuwa wa kwanza kusema auzwe, na ningeomba damu yake ipimwe, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba huingia kwenye korodani, huambukizwa kwa kupandana, na binadamu naye huupata. Aliyeharibiwa na homa hurudi. Tarehe 5 Aprili tukamfungulia. Jike wa kwanza tulimpandisha mara tatu badala ya mbili, kwa sababu dume aliyekaa wiki tatu bila kupanda hutoa kwanza mbegu kuukuu. Kati ya Aprili na Mei alipanda majike 9 na wanane hawakurudi. Sikuona mtu akiitisha kikao cha dharura kuhusu hao wanane.

Kuna aliyesema tatizo lilianza Januari, kabla ya kidonda. Hapo nakubali nusu. Januari wanachama kadhaa mlikubaliana kuachisha watoto kunyonya siku moja ili muuze pamoja. Sikupinga, bei ya pamoja ni nzuri. Lakini jike aliyeachishwa huingia joto siku ya 4 hadi ya 7, kwa hiyo majike 6 yalifika bandani ndani ya siku nne. Kila moja lapaswa kupandwa mara mbili, mara ya kwanza nusu siku baada ya kuanza kusimama ukimbonyeza mgongo, kisha tena kesho yake. Hayo ni mapandisho 12 kwa siku nne, na dume mkomavu kazi yake ya wiki ni mapandisho matano hivi. Mei yalipozaa, kwa mpangilio wa foleni, tulipata watoto 11, 10, 9, 7 na 5, na jike wa mwisho alikuwa amerudia joto. Aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni alinilaumu mimi.

Watu wanapenda kusema dume mmoja anatosha majike 20. Anatosha, kama majike hayo yamesambaa mwaka mzima. Yakija pamoja, dume mmoja anatosha majike mawili au matatu kwa wiki. Sisi tuna 24, na ndiyo maana niliomba dume wa pili mapema mwaka, ombi lililopita kwa kura moja tu.

Kuhusu huyo dume kijana, lazima niseme jambo ambalo muhusika analijua. Alinunuliwa Februari akiwa na miezi 6. Nilitangaza kwamba hataguswa hadi atimize miezi 8, na hapo aanze na jike mmoja kwa wiki hadi afikishe mwaka. Machi, dume mkubwa akiwa amepumzika, mwanachama mmoja alifungua mlango jioni akamwingiza jike wake, mzito karibu mara mbili ya dume, ambaye wala hakuwa amesimama sawasawa kwenye joto. Jike aligeuka akamsukuma kwa pua ubavuni. Sakafu ilikuwa na maji, kijana akateleza miguu yote minne. Tangu siku hiyo akisikia jike analetwa anakwenda kona na kugeuza uso ukutani.

Ilituchukua hadi Mei kumrudisha. Nilitafuta mama mpole mwenye umbo dogo, wa uzao wa tatu, aliyesimama kabisa kwenye joto, masikio juu, hata umkalie mgongoni hatingishiki. Tulimwaga maranda sakafuni tukamleta yeye kwa dume, kwa sababu dume hujiamini kwake. Kijana alimnusa muda mrefu, kisha akapanda upande wa kichwa. Hakupigwa wala kupigiwa kelele. Tulimgeuza taratibu kwa ubao. Mara ya tatu akakaa mahali pake. Niliinama kuhakikisha ameingia ukeni, kwa sababu wapo madume wanaoingia njia ya haja na mwenye jike anahesabu amepandisha. Alikaa juu dakika sita, chini ya mkia pakipigapiga, dalili kwamba anatoa. Huyo jike alizaa watoto 9 Septemba. Asubuhi zile nilikuwa bandani mimi na katibu, wala hakuna posho iliyolipwa.

Kwa mwaka ujao, natumaini tutakuwa na ratiba ya kuachisha, makundi ya majike matatu matatu, na kila mmoja alete tarehe zake kwa katibu mapema. Nimeliomba hili mara mbili na nimepata karatasi nne. Dume mkubwa naye itabidi aondoke: mabinti zake wa mwaka huu watafikia umri wa kupandwa miezi michache ijayo, na baba hapandi binti. Nina matumaini tutapata mwingine, kutoka kwenye zizi lisilo na undugu na haya yetu, na atakaa peke yake siku 30 kabla ya kukutana na jike yeyote. Atanunuliwa kwa pesa ipi, hilo wanajua wale 11 wasiolipa ada kamili, ambao wote majike yao yalipandwa na dume wa chama mwaka huu.

Daftari litakuwa mezani hapa mbele. Anayebishana na tarehe aje afungue ukurasa wa Februari. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu.