Mume namwita du, mke namwita Sie: wakiwa pamoja niseme nini?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Naomba ushauri, hasa kwa mliokaa na Wajerumani miaka mingi kuliko mimi. Ninaishi Kehl, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine, na kazi yangu iko Strasbourg, ng'ambo, upande wa Ufaransa. Tramu inavuka daraja kwa dakika chache, na nikishuka tayari ni lugha nyingine na namna nyingine ya kumwita mtu.

Kwa msiozijua lugha hizi: Mfaransa ana tu kwa mtu wa karibu, na vous kwa asiyemjua au anayemheshimu. Mjerumani ana du na Sie. Sisi Waswahili "wewe" tunamwambia yeyote, heshima tunaiweka kwenye shikamoo, kwenye mzee, mama na bibi. Kwao heshima imo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo huwezi hata kumuuliza mtu kama amekula bila kuchagua kwanza yeye ni nani kwako.

Kwa wageni kabisa sina taabu. Strasbourg, mtu mzima nisiyemjua ni vous, na hutanguliwa na bonjour, madame au bonjour, monsieur. Ukiiruka bonjour, hata vous yako haikuokoi. Kehl, muuzaji dukani, daktari, polisi, mtu niliyemgonga kikumbo njiani, wote ni Sie. Watoto ni du, lakini wakikaribia miaka 16 hivi ni vizuri kuanza kuwaambia Sie. Mahali nako kuna nguvu yake: kwenye uwanja wa kuchezea watoto, wazazi wa rika langu huambiana du tangu salamu ya kwanza, na mzazi huyohuyo ningemkuta benki kama mteja nisiyemfahamu, tungeanza na Sie. Nikisita, nachagua Sie. Kutoka Sie kwenda du ni furaha kwa wote wawili, lakini kumrudisha mtu kutoka du hadi Sie ni kumtangazia kwamba mmegombana.

Tatizo langu ni majirani, mzee na mkewe, wote wamepita miaka 70. Vuli iliyopita yule mzee alinipa mkono juu ya uzio, akanitajia jina lake la kwanza, akasema tuitane du. Alifuata desturi: mkubwa ndiye anayetoa du kwa mdogo, na mkuu wa kazi kwa aliye chini yake. Mdogo haombi. Nilipokea kwa moyo mweupe. Ila mkewe hakuwapo siku ile, na mpaka leo ananiita Frau na jina langu la ukoo, kwa Sie. Si kwamba ananichukia, maana hutuletea keki ya plamu na huwauliza watoto habari za shule. Ndivyo alivyolelewa, nami namheshimu kwa hilo.

Nikiwa na mmoja mmoja, hakuna shida. Shida ni wakiwa pamoja. Kwa Kifaransa ningepona, kwa sababu vous ni ya heshima na pia ni ya watu wengi, hivyo neno moja lingewabeba wote wawili. Kijerumani hakinipi maficho hayo. Wingi wa du ni ihr, na Sie haibadiliki, awe mmoja au kumi. Nikiuliza "Habt ihr Zeit?", yaani mna nafasi, nimemwingiza bibi kwenye du ambayo hakunipa. Nikiuliza "Haben Sie Zeit?" mzee atasikia namrudishia zawadi yake.

Kwa sasa nakwepa. Nauliza "Wie war der Urlaub?", yaani likizo ilikuwaje, bila kumtaja aliyekwenda. Njia hiyo haifiki mbali. Jumapili ijayo wanakuja kwetu kunywa kahawa, na siwezi kumkaribisha mtu maziwa na sukari bila kumwita.

Mfanyakazi mwenzangu Mjerumani anasema ihr inakubalika kwa kundi lenye mchanganyiko, na wengi huitumia hivyo. Mama mmoja wa mtaani kwetu anasema watu wa umri ule huisikia kama du tupu. Mume wangu, ambaye hakupewa du na yeyote kati yao, anawaita wote wawili Sie na ananishauri ningoje.

Ningetaka kujua kwenu: mmesikia wazee wa Kijerumani wakichukizwa na ihr ya namna hii? Je, ni adabu kumnong'oneza mzee kabla ya Jumapili, ili yeye amuulize mkewe? Na kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji siku hiyo, je, nyumba yangu inanipa haki ya kutoa du, au umri wa bibi bado unatangulia?

Mama wa wawili,
Kehl